Paka, samaki na fremu 42

Ndugu zangu, tutazame hizi picha saba za storibodi nilizobandika ukutani. Bibi anakuna nazi, mgongo ameuelekeza dirishani. Paka anatokea dirishani. Paka anamwona samaki kwenye sahani. Bibi anaacha kukuna. Paka anaganda, mguu mmoja hewani. Bibi anaendelea kukuna. Sahani tupu.

Hapa ukutani kila mmoja wenu amezisoma kwa mwendo wake. Aliyependa paka amekaa kwake, mwingine amekimbilia sahani. Storibodi inakuonyesha nini kinaonekana na kamera imekaa wapi, lakini muda ameushika msomaji. Animatiki ni picha hizihizi zilizopangwa kwenye programu ya kuhariri video pamoja na sauti, na humo muda unaushika wewe.

Mara ya kwanza niliipa kila picha sekunde moja, yaani fremu 24. Sekunde saba zikapita na hakuna aliyecheka. Michoro haikuwa na kosa, kwa hiyo sikuigusa. Nilichukua simu, nikaketi kwenye mbuzi na kuuigiza mkasa mzima mara tatu huku nikirekodi. Sauti ya kukuna ndiyo iliyonipa mapigo: kra, kra, kra, kisha kimya. Niliiweka sauti hiyo kwanza, ndipo nikazivuta picha ziifuate.

Bibi akapata fremu 60, ili masikio yauzoee mkuno. Paka dirishani 24, samaki 18, bibi anaacha 18. Paka aliyeganda nikampa 42, karibu sekunde mbili za kimya kitupu. Mkuno ukarudi kwa fremu 24, sahani tupu 30. Jumla fremu 216, sekunde tisa. Kipande kimerefuka, na bado kila aliyekitazama alikiona kinakwenda mbio kuliko cha kwanza. Ule mkuno wa mwanzo ndio ulioufanya ukimya usikike.

Jihadharini na jambo moja. Picha iliyosimama huchosha jicho mapema kuliko picha inayotembea, kwa hiyo mkono utawawasha kukata. Mkikata, mchoraji wa mijongeo atakosa nafasi ya kumrusha paka. Palipo na tendo, ongezeni michoro miwili mitatu ya ovyo: paka amejikunja, yuko hewani, ametua. Vijiti na maduara vinatosha kabisa, kwani mchoro uliouhangaikia siku nzima hutakubali kuutupa.

Kisha mwiteni mtu asiyeijua hadithi. Achezeshewe mara moja bila kusimamisha, nanyi mtazameni yeye, si skrini. Akiuliza “samaki ameenda wapi?”, picha ya tatu ni fupi mno. Mimi niliulizwa hivyo, nikaongeza fremu sita.