Ukihama na duka la pembejeo, mteja wa Novemba atakukutaje?

Ndugu wafanyabiashara, habari za mchana. Leo nitachukua duka moja tu: la mbolea na mbegu, linalotoka Mwanjelwa kwenda Uyole, hapa hapa Mbeya, mwanzoni mwa Julai. Nimelichagua kwa sababu wateja wake ndio wagumu kuwapata. Wa chumvi na sabuni anapita kila siku, atauliza jirani. Wa mbolea huyu ameondoka na mfuko wake mwezi wa pili au wa tatu, na hatarudi mpaka mvua zianze kunukia, Oktoba kwenda Novemba. Tangazo la wiki mbili halimfikii, maana wiki hizo mbili yuko shambani anavuna.

Kwa hiyo anza kwa kuhesabu: mteja wako anayekawia kuliko wote hukaa muda gani bila kuja? Kwa duka hili ni miezi minane hivi. Basi tangazo la mlango wa zamani lisimame mpaka mwisho wa Desemba, na hilo lipatanwe na mwenye nyumba kabla hujakabidhi funguo, tena kwa maandishi.

Wengi huandika "TUMEHAMIA" kwenye geti la duka lenyewe. Mpangaji mpya akifungua asubuhi, geti linakunjwa juu na maneno yako yanakwenda nalo. Linasomeka usiku tu, wakati hakuna mnunuzi. Weka kwenye nguzo au ukuta wa pembeni, usawa wa macho. Karatasi ya kalamu ya maka hufifia kwa jua la kiangazi, na hata ukiivika nailoni, mvua za Novemba huingia pembeni na wino ukatiririka. Chukua kipande cha bati, kipakwe rangi nyeupe ya mafuta, uandike kwa nyeusi, kipigiliwe misumari pembe nne. Na kama mpangaji mpya naye anauza mbolea, hilo bati ndilo ulinzi wako pekee, kwa sababu yeye akiulizwa atajibu, "Wamehama, ila hata hapa ipo."

Sasa simu. Hapa watu wanajidanganya sana. Status ya WhatsApp anaiona yule tu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Ujumbe wa kutuma kwa orodha nao ni hivyo hivyo: asiyekuhifadhi haupati, na wewe huambiwi. Mkulima wa Isyesye mwenye simu ya kitochi hata WhatsApp hana. Kwa hiyo chukua daftari la madeni na la oda, utoe namba humo, uwatumie meseji ya kawaida. Meseji moja inabeba herufi 160. Ukiweka kikatuni kimoja tu, inashuka hadi 70, na unalipia mbili au tatu. Iwe hivi:

"DUKA LA PEMBEJEO lililokuwa Mwanjelwa limehamia UYOLE kuanzia Jumatatu 7/7. Njia panda shika barabara ya Tukuyu, mita 150, kushoto, mlango wa kijani."

Hiyo haifiki 160. Lakini tazameni neno "kushoto". Ni kushoto kwa anayetoka mjini. Anayetoka Tukuyu akilifuata atatazama upande usio wake, na ataikuta njia panda hajaona duka. Huyo mwandikie yake: "Kabla ya kufika njia panda, mita 150, mkono wa kulia." Wagawe wateja kwa upande wanakotokea, mafungu mawili yanatosha. Na jina liwe lile wanalokuita wao. Kama leseni inasema jina moja na wakulima wanasema "kwa Mama Mbegu", andika Mama Mbegu.

Tuma mara mbili: wiki moja kabla ya kuhama, na tena katikati ya Oktoba. Ile ya Oktoba ndiyo inayoleta watu. Ya Julai imeshafutwa.

Kuna watu wengine wa kuelekeza: vijana wa guta na bodaboda wanaobeba mifuko ya kilo 50 pale Mwanjelwa. Usiwaambie tu, wapeleke wakaone mlango, kwa sababu kuelekeza mahali ambapo mtu hajafika ni kubahatisha. Wateja wa upande wa Mbalizi nao waambieni ukweli: nauli itaongezeka. Wakitaka kuletewa, mkubaliane mapema bei ya kubeba.

Ofisini nitapita haraka: leseni ya biashara, taarifa za TIN, risiti ya mashine na vibali vya mbolea, mbegu na viuatilifu vyote vina anwani ya zamani. Anza kushughulikia kabla ya kupakia hata mfuko mmoja.

Siku ya kwanza Uyole, weka daftari kaunta lenye safu tatu: bati, meseji, kuelekezwa. Kila mteja wa zamani akiingia muulize amefikaje, upige alama. Ikifika Novemba safu ya bati ikawa tupu kabisa, panda daladala urudi Mwanjelwa ukaangalie: huenda limeng'olewa.