Kuhesabu Madaftari, Siyo Vipindi: Kuandika Utangulizi wa Pendekezo la Utafiti Kuhusu Mzigo wa Kazi na Kuridhika kwa Walimu

Habari za mchana, wanasemina. Leo tunaandika pamoja utangulizi wa pendekezo moja tu: mzigo wa kazi na kuridhika kazini kwa walimu wa shule za msingi Tanzania.

Usuli hautatuchelewesha. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 watoto wengi waliokuwa wamebaki nyumbani waliandikishwa. Madarasa yakafurika, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Ikama inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Aya mbili zinatosha, kisha ingia kwenye tatizo.

Hapa kwenye tamko la tatizo ndipo wengi wenu mnapokwama. Mnaandika kwamba walimu wana kazi nyingi na kwa hiyo hawaridhiki. Hiyo ni lawama, bado siyo tatizo la utafiti. Tatizo la utafiti linaonyesha kitu ambacho tukiendelea kukipima kama tunavyokipima sasa, hatutakiona.

Chukueni shule moja ya kufikirika. Walimu wawili, kila mmoja ana vipindi 24 kwa wiki. Kwenye ratiba iliyobandikwa ofisini kwa mwalimu wa taaluma, wako sawa. Wa kwanza anafundisha Hisabati darasa la saba lenye wanafunzi 42. Wa pili anafundisha Hisabati darasa la tatu, mkondo mmoja, wanafunzi 110. Tuseme daftari moja linahitaji dakika moja na nusu, na kila mmoja anatoa mazoezi matatu kwa wiki. Wa kwanza atasahihisha kwa saa 3 na dakika 9. Wa pili atahitaji saa 8 na robo. Hapo hatujagusa andalio la somo, zamu, wala vikao vya wazazi, na hilo ni somo moja tu kati ya anayofundisha. Kwa hiyo mtafiti anayeuliza "una vipindi vingapi?" atawaweka watu hawa kwenye kundi moja, halafu atashangaa kwa nini mzigo hauonekani kuhusiana na kuridhika.

Lakini hata ukiuliza saa, bado hujafika. Yule mwalimu wa darasa la tatu hakai saa 8 akisahihisha. Leo anachukua madaftari ya safu ya dirishani, kesho ya katikati, na wiki nyingine anapiga vema bila kusoma hatua za hesabu. Mtoto aliyekosea kukopa kwenye kutoa anaendelea kukosea mwezi mzima. Kwenye hojaji ya saa, mwalimu huyu ataonekana hana mzigo mkubwa. Ndiyo maana nasisitiza swali hili liingie: wiki iliyopita, ni kazi gani ulipaswa kuifanya ukaiacha?

Frederick Herzberg na wenzake, mwaka 1959, walitenganisha mambo yanayozuia manung'uniko, kama mshahara na mazingira ya kazi, na yale yanayoleta kuridhika kwenyewe, kama kuona mafanikio ya kazi yako na kutambuliwa. Kwa mwalimu, mafanikio ni mtoto aliyeelewa. Asipopata nafasi ya kusoma daftari, hayaoni. Mimi naamini hapo ndipo pa kuchimba, na tamko letu liseme hivyo waziwazi: vipimo vya kawaida vinahesabu vipindi, havioni kazi iliyoachwa, na kwa hiyo hatujui ni sehemu gani ya mzigo inayomwondolea mwalimu kuridhika.

Malengo yafuate uzi huohuo. Kwanza, kupima mzigo kwa vipindi, idadi ya madaftari na kazi iliyoachwa. Pili, kuchunguza ni kipi kati ya hivyo kinahusiana zaidi na kuridhika. Tatu, kusikiliza walimu wanavyoeleza uhusiano huo. Msiandike "athari" mnapokusanya data mara moja tu. Mwalimu aliyekwisha kukata tamaa naye huacha kazi bila kufanywa, na hojaji moja haitawaambia kipi kilitangulia. Linganisheni pia walimu wa shule moja wao kwa wao. Shule zenye uhaba wa walimu mara nyingi ziko mbali, na mkilinganisha shule na shule mtachanganya mzigo na ukosefu wa nyumba au barabara.

Kwenye umuhimu wa utafiti, mtajeni mtu na uamuzi wake. Mwalimu mkuu hawezi kuajiri, lakini yeye na mwalimu wa taaluma hupanga nani afundishe wapi. Akiona madaftari badala ya vipindi, anaweza kumpunguzia zamu mwalimu wa mkondo wa watoto 110, au kumwongezea mwalimu wa kumsaidia kusahihisha kutoka madarasa ya juu yenye watoto wachache. Halmashauri nayo inaweza kuona kwamba wastani wa shule unaficha darasa la tatu.

Na hojaji zisikusanywe na mwalimu mkuu. Kila mwalimu apewe bahasha, aifunge mwenyewe, na mtafiti azipokee kwa mkono wake. La sivyo wote watakuwa "wanaridhika sana".