Jinsi ya kumwandikia mwandishi wa habari wa nje kuhusu mradi wa kijiji chenu

Haya karibuni, leo tunaandika imeili fupi ya kumpelekea mwandishi wa habari wa nje, kwa hiyo shika simu yako tuandike pamoja. Tutatumia mradi wa Mikoko Pamoja wa kule Gazi, Kwale, tujifanye ni 2013 na sisi ndio tunautangaza.

Kwanza ona nilivyokuwa nikianza mimi: "Kikundi chetu kilisajiliwa mwaka fulani kikiwa na wanachama kadhaa, na dhumuni lake ni kuhifadhi mazingira..." Hiyo ni ripoti ya mfadhili. Mwandishi anasomea kwa simu, akikuta usajili kabla ya habari anapita tu.

Futa yote, andika hivi: "Vijiji viwili vya pwani ya Kenya, Gazi na Makongeni, vimepata cheti cha Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya kaboni ya jamii, cha kuuza kaboni inayonaswa na mikoko wanayoitunza, hekta 117. Pesa zitaingia mfuko wa kijiji, na wanakijiji ndio wataamua ziende kwa maji ama shule."

Umeona? Sentensi ya kwanza inasema nani kafanya nini kipya, ya pili inasema inambadilishia nani maisha. Na hapo kwa mikoko angalia sana, nimeandika "wanayoitunza" sio "yao", manake mikoko Kenya ni msitu wa serikali na kijiji kina makubaliano tu ya kuusimamia, sasa ukiandika "msitu wetu" halafu mwandishi apigie watu wa misitu, keshakushika uongo na hata yale ya kweli hayaamini tena.

Kichwa cha imeili nacho kibebe habari ileile, "Vijiji Kenya kuuza kaboni ya mikoko", usiweke "Ombi la kutembelewa".

Chini ya zile sentensi mbili mwambie atakachokiona akija, na hapa wengi tunateleza. Usimwambie "karibu wakati wowote", mikoko ina maji kupwa na maji kujaa, akija maji yamejaa hataona mizizi wala akina mama wakipanda miche kwenye tope. Angalia bamvua liko lini, siku zile maji yanapopwa sana, mpe siku mbili za kuchagua. Na saa andika 9 a.m., sio saa tatu, mimi niliwahi kuandika "saa tatu asubuhi" mgeni akaelewa saa tisa usiku akadhani namfanyia mzaha.

Malizia na namba ya mtu mmoja wa kijijini anayeshika simu, na mtafiti mmoja wa nje ya kikundi anayeweza kuthibitisha. Picha usizifungashe ndani ya imeili, weka linki tu.

Tuma asubuhi yake yeye, sio yako. Asipojibu siku tano mkumbushe mara moja, halafu mpelekee mwingine.