Ni able au ible? Funika mwisho wa neno kwa kidole

Assalamu alaykum watazamaji wangu. Chukueni daftari. Leo tunasahihisha tangazo la nyumba ya wageni kule Jambiani. Nimeliandika kwenye karatasi hii, litazameni:

Rooms are availible. The beach is accessable. Guests are responsable for their keys.

Kila sentensi ina neno moja lililokosewa, na naelewa kwa nini. Katika Kiswahili sikio linatuongoza: soma, someka, pita, pitika. Ukisema "somika", hata mtoto wa skuli atakusahihisha. Lakini able na ible mwishoni mwa maneno haya hutamkwa sawasawa, kwa hivyo sikio halisaidii. Tutumie jicho.

Anza na availible. Weka kidole juu ya ible. Limebaki avail, kitenzi kamili chenye maana ya kufaa. Kikibaki kitu kinachojitegemea, mara nyingi mwisho ni able: available, kama comfortable na acceptable. Kikibaki kipande kisichosimama peke yake, kama vis ya visible au terr ya terrible, elekea kwenye ible.

Sasa funika accessable. Imebaki access, nayo ni neno kamili! Hapa kidole kinatudanganya, na ndipo wengi wanapoanguka. Tafuta nomino ya ukoo huohuo inayoishia na ion. Utapata accession, haina at kabla ya ion. Basi ni ible: accessible. Ndivyo ilivyo permission na permissible, division na divisible. Lakini adaptation ina ation, na ndugu yake ni adaptable. Ile a ya ation ndiyo a ya able. Zote zimerithiwa kutoka Kilatini.

Limebaki responsable. Mtu anaona response, anasema e imedondoka kama ilivyodondoka kwenye use ikawa usable. Hapana. Ukifunika vizuri inabaki respons, kipande tu, wala hakuna neno responsation. Andika responsible. Linganisha na indispensable: dispens nayo ni kipande, lakini dispensation ipo, kwa hivyo inachukua able. Nalipenda sana jaribio hili la pili, maana linatatua pale kidole kinaposhindwa.

Halitatui yote, lakini. Prediction haina ation, na bado tunaandika predictable. Neno kama hilo liwekeni kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, mlikariri. Na neno jipya lililozaliwa juzi, mfano clickable au downloadable, lipe able bila kusita, kwa sababu huo ndio mwisho ambao Kiingereza cha leo bado kinaundia maneno.

Haya, geuza karatasi, andika tangazo upya:

Rooms are available. The beach is accessible. Guests are responsible for their keys.