Kizibo cha Soda Kwenye Tangazo la Sekunde 30

HAMISI: Karibuni tena kwenye mazungumzo yetu ya kuandika matangazo ya redio. Dada Tusa karudi jana usiku kutoka Mbozi, matope bado yako kwenye viatu. Mjomba hajambo?

TUSA: Mjomba mzima, mahindi yake ndiyo yamenitia simanzi. Jumanne jioni tumekaa jikoni kwa shangazi, tunachambua maharage, redio iko juu ya kabati. Likaja tangazo la mbolea. Trekta likanguruma, ngoma ikalia, kaka mwenye sauti nzito akaanza: mkulima wa kisasa, mavuno bora, inapatikana kwa mawakala wote nchini. Mjomba hakuinua hata kichwa. Lilipoisha akaniambia, "Mwanangu, si ndiyo kazi yenu hiyo? Mbona hawakusema niweke kiasi gani?"

HAMISI: Hilo swali lilipaswa kujibiwa ndani ya tangazo.

TUSA: Ndiyo maana nimekuja na daftari. Tulipanga kuongea mambo matatu leo: ngazi ya vidato vinne kwenye tangazo la redio, kuchagua sauti ya msomaji, na saa ya kurusha. Tuanze na ngazi.

HAMISI: Wasikilizaji wetu wanaijua. Kwanza unashika sikio, kisha unamfanya mtu apendezwe, kisha atamani, mwisho achukue hatua. Mara nyingi huhusishwa na Mmarekani Elias St. Elmo Lewis, mwishoni mwa karne ya 19.

TUSA: Sasa lile trekta. Jembe la mjomba ni la ng'ombe. Sauti ya trekta kwake ni ya shamba la mtu mwingine, sikio likajifunga pale pale. Mimi tangazo langu nimelianza na sauti ya jani bichi la mahindi likichanwa. Sekunde mbili tu, hakuna ngoma. Nisome?

HAMISI: Soma.

TUSA: Mke anasema: "Baba, hili jani mbona njano katikati?" Mume: "La juu au la chini?" "La chini." "Basi mahindi yana njaa. Jirani aliweka yurea yakiwa magotini, kizibo kimoja kila shimo, akafukia. Kihenge chake kilijaa." "Twende basi, ardhi bado mbichi." Kisha msomaji: "Yurea, mfuko wa kilo 50, ekari moja. Ipo kwa wakala, sokoni, Jumamosi. Nenda na namba yako ya ruzuku."

HAMISI: Hapo kwenye la juu au la chini, eleza.

TUSA: Ndicho kidato cha pili chote. Mahindi yakikosa naitrojeni, kile chakula kilichomo kwenye yurea, mmea unaihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Kwa hiyo unjano unaanza chini, kwenye ncha ya jani, ukirudi ndani kufuata mshipa wa katikati, kama herufi V. Mkulima ameliona jani hilo asubuhi ya leo. Ukimweleza kinachotokea, hazimi redio.

HAMISI: Kutamani kuko kwenye kihenge cha jirani. Nakubali, maana kihenge kilichojaa kila mtu anakiona akipita njiani. Lakini kizibo. Kizibo cha nini?

TUSA: Cha soda, kaka. Kila mtu anajua.

HAMISI: Cha chupa ya glasi au ya plastiki?

TUSA: Nimecheka, ila shangazi naye aliniuliza hivyo hivyo! Akaleta vyote viwili. Tukachukua mzani wa duka la jirani. Vizibo kumi vya bati, vimejaa bila kumwagika, vikatoa gramu 50 hivi. Kumi vya plastiki vikapita 70.

HAMISI: Basi tangazo lako linamaliza mfuko kabla ya ekari.

TUSA: Piga hesabu. Mjomba anapanda sentimita 75 kati ya mistari, 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Ekari moja inatoka mashimo 9,000 hivi. Gramu tano mara 9,000 ni kilo 45, mfuko unatosha na kubaki kidogo. Kwa kizibo cha plastiki ni kilo 63. Mbolea inaishia njiani, mistari ya mwisho inabaki njano, na mkulima anasema mfuko ulipunjwa.

HAMISI: Na anayepanda mbegu moja moja kwa sentimita 30?

TUSA: Mashimo yake ni mara mbili. Huyo anaweka nusu kizibo.

HAMISI: Nusu kizibo! Ingiza hilo kwenye sekunde 30 nione.

TUSA: Siwezi. Nitaandika "kizibo cha bati, mahindi mawili". Maneno matano, yanamtosha hata wa mbegu moja.

HAMISI: Hapo sawa. Na kufukia kubaki. Nimewahi kupita shamba ambalo yurea ilimwagwa juu ya udongo jua likiwa kali. Ukiinama pua inachoma, naitrojeni inaondoka hewani kama amonia.

TUSA: Na isigusane na shina, inaunguza. Upana wa kiganja pembeni. Shangazi alitaka hilo nalo liingie, nikamwambia tutalijaza tangazo kama daladala ya saa kumi na mbili.

HAMISI: Sasa tubishane. Hatua yako haitatokea.

TUSA: Kwa nini?

HAMISI: Kwa sababu ni Januari. Shule zimefunguliwa. Mjomba amenunua sare na madaftari, pesa ya mfuko ataitoa wapi? Umemtamanisha mtu asiye na kitu mfukoni. Tangazo la mbolea lirushwe Julai na Agosti, gunia linapouzwa. Magharibi mwa Kenya, watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu hili, wakachapisha mwaka 2011. Wakulima walitembelewa mara tu baada ya mavuno, wakalipia mbolea mapema, wakaletewa bure baadaye. Waliotumia mbolea wakaongezeka.

TUSA: Najua. Lakini pale mtu alifika mlangoni, akapokea pesa mkononi. Redio haipokei pesa. Agosti jani ni kavu, hakuna njano ya kumwonyesha. Nitamshika sikio kwa nini?

HAMISI: Kwa sauti ya mahindi yakimiminwa kwenye debe.

TUSA: Debe linamwambia ameshapata. Kupendezwa kunatoka kwenye jani, na jani lipo wiki hizi chache tu.

HAMISI: Na pesa ipo zile wiki nyingine. Vidato vinne haviko kwenye mwezi mmoja, dada.

TUSA: Basi unavunja ngazi.

HAMISI: Naivunja. Agosti alipie, Januari umkumbushe kuweka.

TUSA: Na ambaye hakulipia Agosti? Mjomba ndiye huyo, na jani lake nimelishika mimi. Mimi nalirusha Januari.

HAMISI: Mimi siwezi kumshauri mteja hivyo.

TUSA: Basi tumekwama.

HAMISI: Tumekwama, na fundi ananionyesha dakika mbili. Sauti ya msomaji na saa ya kurusha hatujagusa.

TUSA: Acha. Mzee wa Vwawa katuma ujumbe sasa hivi, anauliza kizibo cha bia kinafaa?

HAMISI: Kile cha bati? Ukubwa ni ule ule.

TUSA: Kinafaa, baba. Usawazishe juu kwa kidole, na ufukie siku hiyo hiyo.