Soma Maoni, Kisha Ifungue Programu Yenyewe

Nitarudia ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: usichore hata skrini moja kabla hujasoma maoni ya watu wanaotumia programu za washindani wako. Na kusoma si kutazama wastani wa nyota ukafunga. Wengi wenu mnasoma maoni ya Kiingereza tu, halafu mnataka kumtengenezea mwenye duka wa Manzese. Ukiwa kwenye kompyuta, ongeza hivi mwishoni mwa anwani ya programu kwenye Play Store:

```
&hl=sw&gl=TZ
```

Ya kwanza ni lugha, ya pili ni nchi. Hapo ndipo utaanza kuwasikia watu wako.

Sasa niwape kisa chenyewe. Mimi na vijana wawili tulitaka kutengeneza daftari la madeni la maduka ya mtaani. Tukachukua programu tatu za aina hiyo, tukasoma maoni 40 ya karibuni ya kila moja, ya nyota moja hadi tatu. Nyota tano mara nyingi husema "nzuri sana" na kuishia hapo. Kila oni tukaliandika kwenye jedwali: tarehe, mtu alikuwa anajaribu kufanya nini, alikwama wapi, na maneno yake mwenyewe bila kuyanyoosha. Safu ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo yenye mali.

Lalamiko moja lilijirudia kwenye zote tatu: nimebadilisha simu, madeni yote yamepotea. Kijana wangu mmoja akaruka, pengo walilotuachia washindani ni bekapu! Nikamwambia hapana, bado hatujui. Mlalamikaji anakuambia alipoumia, hakuambii ugonjwa.

Tukachukua simu ya bei rahisi, tukaingiza wadaiwa watano, huyu unga kilo mbili, yule sukari na sabuni, kisha tukaifuta programu na kuipakua upya. Tukafanya hivyo kwa zote tatu. Programu mbili zilikuwa na bekapu! Kitufe kilikuwa ndani ya Mipangilio, kisha ndani ya Akaunti, na kilidai barua pepe. Tukaenda kwa mama mwenye duka, tukamuuliza barua pepe yake ni ipi. Akasema aliifungua fundi aliyemuuzia simu, neno la siri halijui. Alipobadilisha simu, fundi mwingine akamfungulia nyingine. Kwa hiyo nakala ya madeni yake ipo mahali, salama, ila hana njia ya kuifikia.

Mnaona pengo lilivyohama? Si kuhifadhi. Ni programu kumtambua mama yule yule akirudi na simu nyingine. Na kitu anachokishika yeye ni namba ya simu. Simu ikiibiwa, anairudisha laini, namba inabaki ile ile.

Najua kuna anayetaka kuuliza, mbona hao washindani hawakufanya hivyo, hawana akili? Wanazo. Kila ukikuta pengo, uliza kwa nini limeachwa wazi. Zote tatu zilikuwa za bure, zinaishi kwa matangazo. Kuthibitisha namba kwa meseji kunalipiwa, meseji kwa meseji, na wengi wanaopakua hufungua mara moja wakaondoka. Nasi tukaamua kuomba uthibitisho baada ya mwenye duka kuandika deni la kumi, hapo ameshakuwa mteja kweli. Kuuacha kabisa haiwezekani, maana namba ikikosewa tarakimu moja, madeni ya mtaa mzima yanaenda kwa mgeni.

Mwingine atasema maoni hununuliwa. Kweli, na utayajua: nyota tano nyingi ndani ya siku chache, maneno mawili matatu, hakuna anayetaja kazi aliyoifanya na programu. Oni linalosema "nilipobonyeza kulipa nusu ya deni likafuta deni lote" halinunuliwi. Hilo, kwanza, ni kosa la programu, si pengo. Mshindani analirekebisha wiki ijayo, usijenge kampuni juu yake. Ndiyo maana mnatazama tarehe, na mnasoma majibu ya watengenezaji: ombi lililojibiwa "tunalifanyia kazi" tangu mwaka juzi lina sababu ya kutofanyiwa kazi.

Muda unanibana. Kwa App Store nyota huhesabiwa kwa kila nchi peke yake, basi badilisheni nchi. Suala la bei nitaliacha.

Ila hili siliachi: asiyepakua haandiki maoni. Kijana wa duka la pili alituambia aliikataa programu kwa sababu ilitaka ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake. Katika maoni 120 hilo halikuwemo hata mara moja. Jedwali liko kwenye kompyuta hii, anayetaka kuziona safu zake aje mbele.