Saratani ya damu isiyosubiri majibu ya Dar

Wenzangu wa maabara na wa wodini hapa Tanga, nimeombwa nieleze lukemia kali yote, kuanzia slaidi ya damu hadi uboho na flo saitometri. Utangulizi mnaujua. Mimi leo tena nang'ang'ania slaidi, kwa sababu ipo aina moja ya lukemia, ile ya promaielositi, ambayo mgonjwa anaweza kufa nayo huku sampuli yake ingali njiani kwenda Dar.

Mchukueni msichana wa miaka 24 kutoka Pangani. Fizi zinatoka damu, hedhi haikatiki, miguuni ana mabaka ya zambarau. Ameshamaliza dozi ya malaria. Mashine inatoa himoglobini 6.8, chembe nyeupe 1.9, chembe sahani 14. Hapo mtu anasema: chembe nyeupe ziko chini, basi hii si saratani ya damu. Nani aliwafundisha hivyo? Lukemia inaweza kuja na chembe nyeupe laki moja, na inaweza kuja na elfu mbili. Mashine inahesabu, kutazama ni kazi yetu.

Slaidi yake ilikuwa imeshapakwa Giemsa na kuandikwa "hakuna vimelea", na kweli havikuwepo. Lakini chembe zikiwa chache hivyo, lazima uende kwenye kingo na mkiani mwa slaidi, maana chembe kubwa husukumwa huko. Tulizikuta huko: promaielositi zisizo za kawaida, kiini kimekunjwa kati kama maharage, punje za zambarau zimejaa hadi zinafunika kiini. Moja ilikuwa na vijiti vya Auer vingi, vimelaliana kama mzigo wa kuni. Kijiti cha Auer hakipatikani kwenye chembe ya mtu mzima wa afya, wala kwenye lukemia ya limfoblasti. Vikiwa mzigo namna ile, na mgonjwa anavuja damu, fikiria lukemia ya promaielositi mara moja.

Najua mtauliza: "Daktari, bila kuthibitisha jeni utaanzaje dawa?" Unaanza. Punje zile zinamwaga vitu vinavyowasha mgando wa damu mwili mzima na kuyeyusha mgando huohuo, hadi vigandishi vinaisha. Wengi wanaokufa mapema hufa kwa damu kuvuja kichwani. ATRA, dawa ya jamii ya vitamini A, huzilazimisha chembe hizo zikomae, na uvujaji hutulia ndani ya siku chache. Dozi ni miligramu 45 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku. Msichana wetu ana mita 1.6, kwa hiyo 72. Kwa vidonge vya miligramu 10 tunampa vinne asubuhi na vitatu jioni. Kabla ya hapo pima ujauzito, maana dawa hii huharibu mtoto tumboni. Chembe sahani zisishuke chini ya 30 hadi 50, fibrinojeni isishuke chini ya gramu 1.5 kwa lita. Ikiwa haipimiki, ongozwa na muda wa kuganda na uvujaji wenyewe, umpe plazma. Akianza kuhema, kupata homa na kuongezeka uzito akiwa kwenye ATRA, usimwite mgonjwa wa nimonia na kukaa: mpe deksamethasoni miligramu 10 mara mbili kwa siku.

Majibu ya Dar yakaja baadaye: CD33 inang'aa sana, CD34 na HLA-DR hakuna, na jeni PML::RARA ipo. Sasa aliongezewa aseniki. Jeni isingekuwepo, tungeacha ATRA, na siku chache za vidonge zisingemgharimu kitu kikubwa.

Uboho nitausema haraka, muda umekwisha. Matone ya kwanza ya kuvuta ni ya slaidi, yanayofuata ni ya flo saitometri kwenye chupa ya EDTA. Fomalini ni ya kipande cha mfupa tu. Sampuli ya flo ukiitia fomalini umeiua. Ukivuta pakavu, viringisha kipande cha mfupa juu ya slaidi kabla ya kukitumbukiza.

Na pale blasti hazina punje wala kijiti, hapo slaidi imefika mwisho wake, mimi mwenyewe siwezi kuamua kwa jicho. CD19 na CD79a zinakupeleka limfoblasti ya B, CD3 ya ndani ya chembe ni ya T, MPO ni ya mieloidi. Limfoblasti hutibiwa kwa steroidi, vinkristini na asparajinasi, pamoja na dawa ya kuchomwa uti wa mgongo. Mieloidi hutibiwa kwa saitarabini siku 7 na daunorubisini siku 3. Kwa hiyo, nawaomba: kabla ya sampuli kutolewa, msimpe mgonjwa wa namna hii prednisoloni "kwa ajili ya tezi". Limfoblasti hufa kwa steroidi ndani ya siku chache, tunabaki na uboho usiosomeka na mtoto asiye na jina la ugonjwa.